Kukubali kazi kwa maandishi wakati tarehe ya kuanza na masharti mengine bado hayajathibitishwa

Barua ya ofa ya kazi mara chache huja ikiwa imekamilika. Hutaja cheo, mshahara na tarehe ya kuripoti, kisha husema kwamba masharti mengine yatakuwa ndani ya mkataba utakaosainiwa siku ya kwanza kazini. Anayeipokea hupewa siku chache za kujibu, na katika siku hizo anatakiwa afanye mambo mawili yanayovutana: akubali kwa namna isiyoacha shaka, na aulize yaliyobaki kabla hajaandika barua ya kuacha kazi aliyonayo. Nimewahi kuandika majibu ya namna hii kwa ajili yangu mwenyewe, na sasa kazi yangu katika idara ya rasilimali watu ni kuyapokea ya wengine. Ninachotaka kueleza hapa ni jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kukaa katika barua moja pasipo la pili kuliharibu la kwanza.

Sheria ndiyo inayoamua barua yako ni kitu gani, kwa hiyo ni vyema kuanzia hapo. Kwa Tanzania, kifungu cha 7 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinataka ukubali wa pendekezo uwe kamili na usiofungwa na sharti. Ukijibu kwamba unaikubali kazi mradi mshahara uongezwe, kisheria hujakubali chochote. Umetoa pendekezo lako jipya, na lile la mwajiri limeanguka. Wanafunzi wa sheria hufundishwa jambo hili kwa kesi mbili za Uingereza. Katika ya kwanza, Hyde v Wrench ya mwaka 1840, mwenye shamba alitaka pauni 1,000, mnunuzi akataja 950, mwenye shamba akakataa, na mnunuzi aliporudi akisema sasa anakubali ile 1,000, mahakama iliona kwamba hapakuwa tena na pendekezo la kukubaliwa. Katika ya pili, Stevenson, Jaques & Co v McLean ya mwaka 1880, mtu aliyepewa bei ya chuma alituma simu ya maandishi akiuliza kama muuzaji angeridhia mzigo upokelewe kwa muda wa miezi miwili. Mahakama iliona kuwa huko kulikuwa kuuliza tu, na kwamba pendekezo lilibaki hai hata aliyeuliza alipoamua kulikubali baadaye. Barua yako ya kukubali kazi inatakiwa ifanane na simu ya kesi ya pili.

Ni kweli kwamba mwajiri hatakupeleka mahakamani kwa sababu ya sentensi moja iliyoandikwa vibaya. Linalotokea ofisini ni dogo kuliko hilo, lakini linaumiza vilevile. Afisa anayepokea baruapepe ana orodha ya watu waliopewa ofa, na mbele ya kila jina anatakiwa kuandika kama amekubali au hajakubali. Akisoma barua ambayo aya yake ya kwanza inashukuru, ya pili inauliza kuhusu bima, ya tatu inasema "endapo mambo haya yatathibitishwa nitakuwa tayari kujiunga nanyi", ataandika kwamba hajakubali, naye atakuwa ameandika ukweli. Siku ya mwisho ya kujibu ikipita, aliyeshika nafasi ya pili kwenye usaili anapigiwa simu. Nimeona watu wakishangaa kuambiwa kwamba nafasi imeshachukuliwa, huku wenyewe wakiamini kuwa walikubali tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, chukua kila swali ulilo nalo ulipime hivi: jibu likiwa hapana, je, bado utaenda? Kama bado utaenda, hilo ni swali, na linaweza kuingia katika barua ya kukubali. Kama hutaenda, hilo ni sharti, na mahali pake ni katika mazungumzo ya kabla ya kukubali, kwa simu au kwa baruapepe ya kuomba ufafanuzi ambayo haina neno "nakubali" ndani yake. Watu wengi huchanganya makundi haya mawili kwa sababu ya woga. Wanadhani kuuliza kabla ya kukubali kunamfanya mwajiri akasirike, kwa hiyo wanakubali kwanza, halafu wanasukuma masharti yao ndani ya ukubali huohuo. Kwa uzoefu wangu, waajiri hukasirika zaidi kwa hili la pili.

Nieleze ofa niliyopata mwenyewe mwaka 2024, kwa kuwa ilikuwa na karibu kila kinachosumbua. Nilikuwa Mwanza, nimeajiriwa kwa mkataba wa kulipwa kwa mwezi, na kampuni moja ya Dar es Salaam ikanitumia barua ya ofa ya tarehe 31 Mei, siku ya Ijumaa. Barua ilinitaka nijibu ndani ya siku tano za kazi, yaani hadi Ijumaa ya tarehe 7 Juni, na niripoti Jumatatu ya tarehe 1 Julai. Mshahara uliandikwa kuwa shilingi 1,800,000 kwa mwezi, basi, bila maelezo mengine. Kipindi cha majaribio kilikuwa miezi mitatu. Bima ya afya haikutajwa katika barua, ingawa kwenye usaili niliambiwa kwamba ipo.

Tarehe ndiyo iliyokuwa ngumu, na kwa watu wengi walio kazini ndiyo huwa ngumu kuliko yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, baada ya mwezi wake wa kwanza kazini, na mkataba unaweza kutaja muda mrefu zaidi. Kenya nako, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataja siku 28 kwa mtu wa namna hiyo. Siku hizi ni za kalenda, zikiwa pamoja na Jumamosi, Jumapili na sikukuu, kwa hiyo zihesabu kwa kidole kwenye kalenda, usikadirie "mwezi mmoja". Hata kama ningeandika barua ya kuacha kazi Jumatatu ya tarehe 3 Juni na kuanza kuhesabu siku iliyofuata, siku ya 28 ingekuwa tarehe 1 Julai yenyewe, siku ambayo mwajiri mpya alinitaka niwe mezani Dar es Salaam. Na sikuwa tayari kuacha kazi tarehe 3, maana sikuwa na jibu la maandishi kutoka kwa yeyote.

Wapo wanaodhani kwamba siku za likizo walizobakiza zitapunguza notisi: una siku kumi za likizo, basi utafanya kazi siku 18 tu. Usilitegemee hilo pasipo maandishi ya mwajiri wako wa sasa. Sheria hairuhusu notisi itolewe mtu akiwa likizoni, wala notisi na likizo kwenda sambamba. Mnaweza kuelewana kwamba uondoke mapema na siku zilizobaki zilipwe, lakini hayo ni maelewano, hayajitokezi yenyewe. Na mtu anayeacha kufika kazini katikati ya notisi anaweza kukatwa fedha ya siku hizo kwenye malipo yake ya mwisho. Kwa hiyo unapomtajia mwajiri mpya tarehe, taja ile unayoweza kuitimiza hata kama wa zamani hatakulegezea siku hata moja.

Kwa kipimo nilichokitaja hapo juu, tarehe yangu haikuwa swali. Jibu lingekuwa hapana, nisingeweza kwenda, kwa kuwa notisi ilikuwa inanifunga. Kwa hiyo nilipiga simu Jumatatu asubuhi kabla ya kuandika chochote. Nilizungumza na meneja rasilimali watu mwenyewe, ambaye ndiye aliyetajwa katika barua kama mtu wa kumjibu, na nikampa tarehe moja tu, Jumatatu ya tarehe 8 Julai, pamoja na sababu yake. Alinijibu, "Haina shida, tarehe nane ni sawa. Wewe tuandikie tu." Nilimwomba kama ingewezekana barua itolewe upya ikiwa na tarehe hiyo, maana hiyo ndiyo njia safi kuliko zote, akasema aliyeisaini alikuwa safarini na asingependa nisubiri. Hilo ni jambo la kawaida. Kuanzia hapo tarehe ilikuwa imekubaliwa kwa mdomo na mtu mwenye mamlaka ya kuikubali, na kilichobaki ni kuiweka kwenye maandishi.

Hapa pana mtego mwingine ambao nauona kila mara. Chini ya barua nyingi za ofa kuna sehemu ya kukatwa au ya kusainiwa, yenye maneno kama "Mimi ninakubali ajira hii kwa masharti yaliyotajwa hapo juu", na nafasi ya jina, saini na tarehe. Ukisaini hapo na kurudisha bila kitu kingine, umekubali tarehe 1 Julai, kwa sababu ndiyo iliyotajwa hapo juu. Ukiikata kwa kalamu na kuandika 8 pembeni, umebadilisha barua ya mtu mwingine pasipo idhini yake, na afisa atakayeiona hatajua nani aliyeruhusu. Mimi nilisaini, na chini ya saini nikaandika: "Isomwe pamoja na barua yangu ya tarehe 4 Juni 2024." Maneno hayo yalifaa kwa kuwa tarehe ilikuwa imeshakubaliwa kwenye simu. Bila ile simu yangekuwa sharti kama masharti mengine.

Maswali yaliyobaki yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa mshahara, na hapa naomba uvumilivu wako kidogo, kwa sababu tarakimu moja isiyo na maelezo inaweza kuwa na maana tatu. Shilingi 1,800,000 inaweza kuwa fedha yote kabla ya makato, inaweza kuwa mshahara wa msingi ambao posho zinaongezwa juu yake, na kwa baadhi ya waajiri wadogo inaweza kuwa fedha inayoingia mkononi baada ya makato. Ikiwa ni jumla kabla ya makato, mchango wangu wa NSSF wa asilimia 10 ni 180,000, inabaki 1,620,000 ya kutozwa kodi, na kodi yake kwa viwango vya wakati huo ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kile kinachozidi milioni moja, jumla 314,000. Inabaki 1,306,000. Lakini kama 1,800,000 ndiyo inayoingia mkononi, basi mwajiri amekubali kubeba jumla inayokaribia 2,580,000. Hizo ni kazi mbili tofauti.

Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ana sababu ya ziada ya kuuliza, kwa kuwa makato ya mkopo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, si ya jumla. Kama yote 1,800,000 ni msingi, anakatwa 270,000. Kama msingi ni 1,400,000 na iliyobaki ni posho, anakatwa 210,000. Tusikimbilie kufurahia msingi mdogo, hata hivyo, kwa sababu malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo hupigwa kwa mshahara wa msingi. Katika barua huhitaji kueleza hesabu zote hizi. Unachohitaji ni kuomba mchanganuo.

La pili lilikuwa bima. Swali lenyewe lilikuwa jembamba: inaanza lini, na inawahusu wategemezi au mwajiriwa peke yake? Bima ya kazi ya zamani hukoma unapoondoka, na waajiri wengi huwaingiza wategemezi baada ya kipindi cha majaribio tu. Mwenye watoto wadogo anahitaji kujua kama kuna miezi ambayo atalipia hospitali kwa fedha taslimu, hata kama hilo halitamzuia kwenda.

Gharama za kuhama kutoka Mwanza sikuziweka. Zilinihusu sana, maana lori la vyombo si bei rahisi, lakini hazikuwa zimetajwa kwenye barua wala kuahidiwa na mtu kwenye usaili. Kuziingiza katika barua ya kukubali kungekuwa ni kuomba kitu kipya kwa kivuli cha kuthibitisha, na msomaji mzoefu hulitambua hilo mara moja. Kama unazihitaji, ziombe kwenye simu ya kwanza, waziwazi, kabla ya kukubali. Mimi niliamua kuzibeba.

Hii ndiyo barua niliyoituma Jumanne, nikiwa nimeondoa majina. Kampuni ile ilikuwa imeniandikia kwa Kiswahili. Kama ofa yako imeandikwa kwa Kiingereza, kama zilivyo nyingi mijini, jibu kwa lugha hiyohiyo ukifuata mpangilio huuhuu.

Meneja Rasilimali Watu,
(Jina la kampuni na anuani),
Dar es Salaam.

4 Juni 2024

YAH: KUKUBALI AJIRA YA AFISA UNUNUZI

Tafadhali rejea barua yako ya tarehe 31 Mei 2024 inayohusu somo tajwa hapo juu.

Napenda kukujulisha kwamba nimeikubali ajira ya Afisa Ununuzi kama ilivyoelezwa katika barua hiyo. Nakala niliyoisaini nimeiambatisha.

Kuhusu tarehe ya kuripoti, kama tulivyokubaliana kwa simu tarehe 3 Juni 2024, nitaripoti ofisini Dar es Salaam siku ya Jumatatu, tarehe 8 Julai 2024, badala ya tarehe 1 Julai 2024, ili nikamilishe notisi ya siku 28 kwa mwajiri wangu wa sasa. Naomba unithibitishie tarehe hiyo kwa maandishi, kwa kuwa nitawasilisha barua ya kuacha kazi mara nitakapopata uthibitisho wako.

Aidha, kwa ajili ya maandalizi yangu, nitashukuru kupata ufafanuzi wa mambo mawili. Kwanza, mchanganuo wa mshahara wa shilingi 1,800,000, yaani kama ni kabla ya makato, na kiasi gani ni mshahara wa msingi na kiasi gani ni posho. Pili, tarehe ambayo bima ya afya itaanza, na kama inawahusu wategemezi.

Nashukuru kwa nafasi hii na natarajia kushirikiana nanyi.

Wako katika kazi,
(Saini na jina)

Tazama jinsi ukubali ulivyokaa peke yake. Aya yake haina "endapo", "mradi" wala "lakini", na inaishia kwenye nukta kabla jambo lolote halijaulizwa. Mtu akiisoma aya hiyo na kufunga baruapepe, anajua kwamba nimekubali. Tarehe nayo imepata aya yake, ikasemwa kama jambo lililokwisha kukubaliwa, pamoja na siku ya juma, tarehe ya zamani inayoachwa, na tarehe ya simu. Siku ya juma ni kinga ndogo dhidi ya makosa ya kuandika: akijibu "Jumatatu tarehe 9", wote mtaona kwamba kuna kitu hakikai sawa. Sentensi inayosema kwamba nitaacha kazi baada ya kupata uthibitisho wake haimtishi mtu. Inampa sababu ya kujibu haraka, kwa maana anajua kwamba kila siku anayochelewa inasogeza mbele siku yangu ya kuripoti.

Maswali mawili ya mwisho yametanguliwa na maneno "kwa ajili ya maandalizi yangu", na hayo yanafanya kazi kuliko yanavyoonekana. Yanamwambia msomaji kwamba jibu lolote atakalotoa halitageuza uamuzi wangu, na kwa hiyo hana haja ya kulipeleka kwa mkurugenzi kujadiliwa. Maswali yenyewe ni ya kujibiwa kwa mstari mmoja mmoja. Ningeuliza "naomba kujua zaidi kuhusu masharti ya mshahara na marupurupu", ningepata jibu la jumla vilevile, labda kwamba yote yatakuwa kwenye mkataba.

Baruapepe yenyewe niliituma kwa kujibu ujumbe uleule uliobeba ofa, sikuanzisha mpya, ili barua yao na yangu zikae pamoja. Viambatisho vilikuwa viwili, barua kwa muundo wa PDF na nakala iliyosainiwa na kuskaniwa, na ndani ya baruapepe niliandika tena sentensi moja ya kukubali pamoja na tarehe ya kuripoti, kwa kuwa watu wengi husoma kwenye simu na hawafungui viambatisho. Kama meneja hupenda kuwasiliana kwa WhatsApp, mtumie hapo ujumbe wa kumjulisha kwamba umetuma baruapepe, lakini usiuhamishie ukubali wenyewe huko.

Jibu lilikuja Alhamisi. Alithibitisha tarehe 8 Julai. Mshahara ulikuwa jumla kabla ya makato: msingi 1,400,000, posho ya nyumba 300,000 na ya usafiri 100,000. Bima ingeanza siku ya kwanza kwa mwajiriwa, na kwa wategemezi baada ya kipindi cha majaribio. Nikaijibu kwa mistari miwili, kwamba nimepokea na kwamba nitawasilisha barua ya kuacha kazi kesho yake. Ijumaa ya tarehe 7 Juni niliiwasilisha, nikaomba nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukianza kuhesabu tarehe 8, siku ya 28 ni Ijumaa ya tarehe 5 Julai, na Jumatatu inayofuata ni tarehe 8.

Si kila jibu huja namna hiyo. Mara nyingi meneja hupiga simu badala ya kuandika, na kwenye simu kila kitu huwa "hamna tatizo". Pokea simu, mshukuru, kisha ndani ya saa moja au mbili mwandikie: "Nashukuru kwa mazungumzo yetu ya leo, ambayo ulithibitisha kwamba nitaripoti Jumatatu tarehe 8 Julai. Kama kuna nilichokielewa vibaya, tafadhali nijulishe." Ujumbe huo hauna uzito sawa na jibu lake mwenyewe, lakini asipousahihisha, ni vigumu baadaye kudai kwamba hukumwambia. Asipojibu kabisa, mkumbushe siku moja kabla ya muda wa ofa kwisha, na ukumbushe kuhusu tarehe peke yake. Mshahara na bima vinaweza kusubiri wiki moja zaidi. Tarehe haiwezi, kwa sababu notisi yako inaitegemea.

Kuna hali moja ambayo hata jibu zuri la tarehe halitoshi. Soma ofa yako uone kama inasema ajira inategemea kupita vipimo vya afya, uhakiki wa vyeti au taarifa kutoka kwa wadhamini. Kama inasema hivyo, mwajiri amekuwekea sharti yeye, na barua yako ya kukubali, hata ikiwa kamilifu kiasi gani, hailiondoi. Ongeza swali moja katika aya ya tarehe: uhakiki huo unatarajiwa kukamilika lini? Usiandike barua ya kuacha kazi mpaka umeambiwa kwa maandishi kwamba umekamilika, hata kama itabidi tarehe ya kuripoti isogezwe tena. Wadhamini huchelewa kujibu kuliko unavyofikiri, hasa mdhamini akiwa ni bosi wa kazi uliyoiacha zamani, kwa hiyo wapigie mwenyewe uwaambie wategemee ujumbe.

Siku ya kuripoti utapewa mkataba kamili, na huo ndio unaopaswa kusomwa ukiwa na ile baruapepe ya Alhamisi mkononi. Karibu na mwisho wa mikataba mingi kuna kifungu kinachosema kwamba mkataba huu ndio makubaliano yote kati ya pande mbili na unafuta barua na mazungumzo yote ya awali. Ukisaini, uthibitisho ulioutafuta kwa uangalifu unaweza kuwa karatasi tu, ikiwa kilichothibitishwa hakikuingia ndani. Linganisha vitu vitatu: tarehe ya kuanza ajira, kwa sababu likizo na miezi ya majaribio vinahesabiwa kutoka hapo, mshahara wa msingi na posho, kila kimoja kwa tarakimu yake, na bima. Mkataba wangu ulikuwa sawa kwenye tarehe na mshahara, lakini kuhusu bima ulisema "kwa mujibu wa sera ya kampuni". Niliomba kuiona sera hiyo kabla ya kusaini. Ilikuwa na kurasa nne, ikisema yaleyale niliyoandikiwa kuhusu wategemezi, na meneja akakubali iambatishwe kwenye mkataba, kila ukurasa ukiwa na saini ndogo yangu na yake.